0754 Iliyohamia Airtel

Mpe Mtanzania namba ya simu ya mkononi, naye kabla hajaipiga atakuwa ameshaisoma. 0754 ni Voda. 0784 ni Airtel. 0713 ni Tigo, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Yas. Usomaji huu tulijifunza enzi ambazo kupiga simu mtandao mwingine kulikuwa kunauma mfukoni, watu wakatembea na laini tatu na kila moja na kazi yake. Sababu ya maumivu yale ilikuwa ada ambayo kampuni hulipana simu inapovuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine: mwenye mteja anayepiga humlipa mwenye mteja anayepokea. Mwaka 2018 ada hiyo ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, na kufikia 2022 ilikuwa imeshuka hadi shilingi 2. Leo vifurushi vingi vina dakika za mitandao yote, lakini mazoea ya kusoma tarakimu za mwanzo yamebaki.

Mazoea hayo yamepitwa na wakati tangu tarehe 1 Machi 2017, siku ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilifungua rasmi huduma ya kuhama mtoa huduma bila kubadili namba ya simu ya kiganjani. Kuanzia hapo 0754 inaweza kuwa inaita kwenye mtandao wa Airtel, na 0784 kwenye mtandao wa Halotel. Tarakimu nne za mwanzo zinakuambia namba ilizaliwa wapi tu. Inakoishi sasa hazikuambii.

Jirani zetu Kenya walitangulia kwa miaka karibu sita, 1 Aprili 2011, na walichokiona kule tukaja kukiona huku: waliohama ni wachache. Sababu zake zimo humo humo katika namna uhamaji unavyofanyika, kwa hiyo tumfuate mtu mmoja hatua kwa hatua.

Tuseme ni mwenye duka la vipuri vya pikipiki mjini Makambako. Namba yake ya 0754 imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa duka, imo kwenye risiti, na imo kwenye simu za mafundi wa vijijini kote anakouza. Amehamishia duka mtaa mwingine, na huko kwenye ghala lake la nyuma simu ya Airtel ndiyo inayoshika vizuri. Kununua laini mpya anaweza leo leo. Asichoweza ni kupaka upya rangi kwenye vichwa vya mafundi wote wale.

Jambo la kwanza analopaswa kulijua ni kwamba haendi kuaga. Hapa kwetu uhamaji huanzia kwa kampuni unayoiendea. Anakwenda kwenye kituo cha huduma cha Airtel na kitambulisho chake na simu yenye laini ya zamani ikiwa bado hai. Anajaza fomu ya kuomba kuhama, ambayo ndani yake anakubali kwamba madeni aliyoyaacha nyuma bado ni yake. Kisha, akitumia laini ya zamani, anaandika meseji yenye neno moja na kuituma kwenye namba maalumu:

```
HAMA  →  15080
```

Meseji hiyo ndiyo ushahidi wake. Fomu mtu yeyote anaweza kuijaza kwa namba ya mwenzake, lakini meseji inayotoka kwenye namba yenyewe inaonyesha kwamba anayeomba anayo laini hiyo mkononi wakati ule. Ndiyo maana laini iliyofungwa, au iliyopotea na haijarudishwa, haiwezi kuhamishwa: lazima kwanza irudishwe kule kule inakotoka, halafu ndiyo ihame.

Uingereza walichagua njia nyingine. Kule mteja huanza kwa kampuni anayoiacha. Tangu Julai 2019 anatuma neno PAC kwenda 65075, anarudishiwa msimbo, na msimbo huo anaupeleka kwa kampuni mpya. Njia hiyo ina faida kwamba mteja anaambiwa mapema kama ana deni au mkataba unaomfunga. Mimi nafikiri ya kwetu inamfaa zaidi mteja wa malipo ya kabla, maana anayekuhudumia ni yule anayekutaka. Ukianza kwa unayemwacha, hana haraka.

Turudi Makambako. Mwenye duka ametuma HAMA, amepewa laini mpya ya Airtel, ameambiwa asubiri na aendelee kutumia laini ya zamani mpaka itakapokata. Kutoka hapo kazi inaendelea pasipo yeye.

Ili kuielewa kazi hiyo, inabidi kujua kitu ambacho wengi hawakidhani: mtandao haukutambui kwa namba yako ya simu. Laini ina namba yake ya ndani yenye tarakimu 15, ambayo mteja hana haja ya kuijua. Kwa laini za Tanzania namba hiyo huanza na 640, na tarakimu mbili zinazofuata ni za kampuni: 04 ni Vodacom, 05 ni Airtel. Simu ikiwashwa, mnara huulizwa kwa namba hiyo ya ndani. Namba tunayopeana, ile ya 0754, inakaa kwenye rejista ya wateja iliyo katika kompyuta za kampuni, imeunganishwa na namba ya ndani ya laini. Ndiyo sababu ukipoteza laini unaweza kupewa kadi nyingine na namba ikabaki ile ile: kilichobadilishwa ni muunganisho ndani ya rejista.

Ukiwa ndani ya kampuni moja, mabadiliko hayo ni ya dakika chache. Kwa mwenye duka wetu, 0754 inatakiwa itoke kwenye rejista ya Vodacom na iingie kwenye rejista ya Airtel, ikiwa imeunganishwa na laini mpya inayoanza na 64005. Na kwa kuwa kampuni mbili zinazogombea wateja haziwezi kuachiwa zimalizane zenyewe, katikati kuna kanzidata kuu ya namba zilizohama, ambayo kampuni zote zimeunganishwa nayo.

Airtel inapeleka ombi kwenye kanzidata hiyo. Kanzidata inaliuliza ombi hilo kwa Vodacom: je, namba hii ni yako, iko hai, haina kizuizi cha kisheria, na haijahama siku chache zilizopita? Majibu ya kukataa yanayokubalika ni machache na yanajulikana. Kumpenda mteja siyo mojawapo. Vodacom ikiridhia, inapangwa saa ya kukata na kuunga. Saa ikifika, Vodacom inaifuta namba kwenye rejista yake, Airtel inaiwasha kwake, na kanzidata inatangazia kampuni zote nchini kwamba 0754 fulani sasa iko Airtel. Kila kampuni inaliingiza tangazo hilo katika nakala yake.

Kwa mteja, alama ya kwanza ni kwamba laini ya zamani inakosa mtandao ghafla. Hapo ndipo anapoweka laini mpya, anazima simu na kuiwasha tena. Kati ya kukata na kuunga kuna kipindi ambacho hapatikani, na hicho hakikwepeki. Mtu mwenye akili hapangi kuhama siku ambayo anasubiri simu ya mzigo.

Sasa fundi mmoja wa Wanging'ombe, mwenye laini ya Halotel, anaipiga ile 0754. Zamani mtambo wa Halotel ungesoma tarakimu za mwanzo kama tunavyosoma sisi na kuisukuma simu moja kwa moja kwa Vodacom. Leo, kabla ya kuisukuma, unatazama kwanza nakala yake ya namba zilizohama. Namba isipokuwemo, simu inafuata tarakimu za mwanzo kama kawaida. Ikiwemo, mtambo unapata msimbo mfupi wa kampuni inakoishi namba hiyo sasa, unaubandika mbele ya namba na kuipeleka simu Airtel. Airtel inauondoa msimbo, inatazama rejista yake, na simu inaita dukani. Mambo yote hayo huchukua sehemu ndogo ya sekunde, na fundi hajui kitu.

Huo ndio utaratibu wa kuuliza kwanza, na nchi nyingi zilizoanza baadaye ziliuchagua. Waingereza, walioanza mapema, wao walijenga wa kupitia mlango wa zamani: simu huenda kwanza kwa kampuni iliyozaa namba, nayo ndiyo inayoipeleka alikohamia mteja. Ni kama kumtafuta mtu kwa mjumbe wa mtaa aliohama, ukielekezwa mtaa mpya kila siku upya. Ni rahisi kuuanzisha kwa sababu hauhitaji kanzidata ya pamoja, lakini simu inazunguka bila sababu, na usalama wa namba yako unategemea kampuni uliyoiacha iendelee kuwepo. Msimamizi wa mawasiliano wa kule, Ofcom, alijaribu mwaka 2007 kuwalazimisha kubadili. Kampuni zilikwenda kwenye baraza la rufaa la ushindani na uamuzi wake ukatenguliwa mwaka uliofuata.

Matatizo ya uhamaji karibu yote yanaelezeka ukishaujua mpango huu, kwa sababu namba iliyohama inategemea kila mtambo nchini uwe na habari moja. Mwenye duka akiona mafundi wanalalamika kwamba hapatikani, asiseme tu kwamba laini mbovu. Achukue simu za watu watatu wa mitandao tofauti, apigiwe na kila moja, na atumiwe meseji na kila moja. Kama hapokei kutoka popote na yeye mwenyewe hawezi kupiga, laini mpya haijawashwa kwenye rejista. Kama anapiga vizuri na anapokea kutoka mitandao yote isipokuwa mmoja, mtandao huo mmoja haujaingiza tangazo kwenye nakala yake na bado unasukuma simu kule kwa zamani.

Na kama mtandao huo mmoja ni ule ule alioutoka, kuna uwezekano mwingine. Huenda kampuni hiyo haijamfuta kwenye rejista yake. Mteja wake akiipiga ile namba, mtambo unaikuta ndani ya nyumba na kuitafuta laini ya zamani, ambayo iko kabatini au imekatwa kwa mkasi. Haina haja ya kuuliza nje, maana inaamini mtu bado yupo. Hapo wateja wa mitandao mingine wote watampata, wa kampuni ya zamani peke yao wataambiwa hapatikani. Katika hali zote hizi malalamiko yanapelekwa kwa kampuni mpya, kwa sababu ndiyo iliyoomba uhamisho na ndiyo inayotakiwa kuufuatilia kwenye kanzidata. Ikishindwa, TCRA wapo. Mtu akienda na maelezo ya majaribio aliyofanya, simu ipi ilipita na ipi haikupita, anahudumiwa kwa haraka kuliko anayekuja na hasira peke yake.

Meseji zina ugumu wao. Zile za mtu na mtu hapa nchini hufuata njia ile ile ya kuuliza. Lakini meseji za benki, za kuthibitisha akaunti, za kukumbusha ada ya shule, hutumwa na kampuni za kati zinazouza meseji kwa jumla, na baadhi ya mifumo yao bado inasoma tarakimu za mwanzo. Zikitoka nje ya nchi ndiyo zaidi: mtumaji wa mbali anaona +255 75, anaipeleka kwa Vodacom, na ikiwa hakuna aliyeulizwa njiani, meseji inafika mahali ambapo namba haipo. Dalili yake ni ya kipekee. Simu zote zinaingia, meseji za ndugu zinaingia, lakini msimbo wa benki haufiki kamwe. Aliyehama na ana akaunti ya benki inayotegemea misimbo hiyo, aijaribu siku ile ile, asisubiri siku ya kulipa. WhatsApp haina taabu hiyo kwa kawaida: imeshajiandikisha kwa namba, na namba haijabadilika, kwa hiyo inaendelea kama jana. Shida inakuja mtu akiifuta na kuisajili upya, maana hapo inahitaji msimbo.

Yote hayo yanarekebishika. Jambo ambalo limewazuia watu wengi zaidi halina dawa ya kiufundi, nalo ni pesa.

Namba ya mwenye duka imehama, akaunti yake ya M-Pesa haikuhama na haiwezi kuhama. Pesa ya simu haikai kwenye laini, na wala haikai kwenye namba. Imewekwa kwenye akaunti ya amana benki, na kampuni inayoendesha huduma inatunza kumbukumbu ya nani ana kiasi gani. Namba ya simu ni jina tu la kuitia akaunti hiyo. Kanzidata ya uhamaji inahamisha njia ya simu. Mkataba wa pesa kati ya mteja na kampuni hauigusi. Kwa hiyo kabla ya kutuma HAMA, salio lote litolewe kwa wakala au lihamishiwe benki. Muda wa maongezi na bando zilizobaki nazo zinakwisha pale pale, na hizo ni afadhali azitumie tu.

Kwa mfanyabiashara hesabu haiishii kwenye salio. Lipa namba aliyoibandika dukani ni ya mtandao wa zamani na ina namba yake yenyewe, tofauti na ya simu. Itabidi aombe nyingine. Mkopo aliouchukua kupitia simu lazima aumalize. Na kuna kitu hakiandikwi kwenye fomu yoyote: historia. Kampuni humkopesha mtu kwa kuangalia miezi na miaka ya miamala yake, na historia hiyo inabaki kule. Aliyekuwa anakopesheka anafika kwenye mtandao mpya akiwa mgeni kabisa, na ataanza na viwango vya mgeni.

Halafu kuna wanaomtumia pesa. Mteja wa M-Pesa anaona 0754, anachagua kutuma ndani ya M-Pesa, na muamala unakataa. Inabidi aelezwe achague mitandao mingine, kisha Airtel Money, aandike ile ile 0754, na asome jina linalotokea kabla hajaweka namba ya siri. Mwenye duka atalirudia somo hili kwa kila fundi kwa wiki kadhaa. Atakayekuwa na subira hiyo atafaulu. Asiye nayo atapoteza malipo, si kwamba pesa inaibiwa, ila fundi atachoka na kusema atalipa kesho.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini Kenya, ambako M-Pesa ilikuwa imeshaenea tangu 2007, uhamaji haukuvuma ulipokuja 2011, na kwa nini kwetu nao ulikuja watu wakiwa wameshajitafutia njia. Simu ya laini mbili inamaliza nusu ya tatizo: laini ya zamani inabaki kwa ajili ya pesa na namba, ya pili ni ya bando la bei nzuri. Kwa mwanafunzi au mtu ambaye namba yake inajulikana na watu ishirini, nisingemshauri hata asumbuke kuhama. Huduma hii inamfaa yule ambaye namba yenyewe ni mali, na ambaye mtandao wa zamani haushiki mahali anapofanyia kazi. Kama tatizo lake ni bei tu, laini ya pili inamtosha.

Wezi nao wameifikiria njia hii. Katika nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, wapo waliohamisha namba ya mtu bila yeye kujua, ili wapokee wao misimbo yake ya benki. Kwetu meseji ya HAMA inayotoka kwenye laini yenyewe, pamoja na usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, vinaweka vizuizi viwili. Hata hivyo kizuizi cha kwanza kinavunjika ukimpa mtu simu yako akusaidie kupiga. Yeyote anayekuomba utume neno usilolielewa kwenda namba usiyoijua, mkatalie. Na laini yako ikikosa mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wa mtandao huo huo wanashika, usiilaumu mvua. Kimbia dukani kwa kampuni yako uulize kama kuna ombi la kuhama au la kubadili laini. Ukipiga *106# unaweza pia kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mwenye duka akishahama hatakiwi kurukaruka. Kanuni inamtaka akae kwa muda huko alikokwenda kabla ya kuomba tena, iwe ni kurudi au kwenda kwa wa tatu. Akiomba kuhama mara ya pili, ombi halirudi Vodacom. Linaulizwa kwa Airtel, kwa kuwa ndiko namba inakoishi. Na siku akiiacha kabisa laini hiyo mpaka ikafungwa, Airtel haina haki ya kumuuzia mtu mwingine ile 0754. Inafutwa kwenye kanzidata ya zilizohama, inarudishwa kwa Vodacom iliyogawiwa fungu hilo la namba, na Vodacom ndiyo itakayompa mteja mpya.